Uzi: Moshi wa sigara kwenye silia, makrofaji na kuta za vifuko vya hewa. Nataka kufundisha hili Kidato cha Tatu bila kuwadanganya watoto

Mwl_Kibaoni

Habari za jioni wakuu. Nina vipindi viwili vya dakika 40 kwa somo la afya, Kidato cha Tatu, na mada ni moshi wa tumbaku na mapafu. Kitabu kimeandika mistari minne tu: silia zinaharibika, makohozi yanaongezeka, mapafu yanakuwa meusi, mtu anapata saratani. Wanafunzi wangu wakiuliza "kwa nini" au "baada ya muda gani", mistari hiyo hainisaidii.

Saratani nitaifundisha siku nyingine. Hapa nataka vitu vitatu tu: silia, yaani vinyweleo vinavyosukuma ute kwenye njia ya hewa; makrofaji, yaani seli zinazomeza uchafu na vijidudu; na kuta za vifuko vya hewa. Je, vinaharibika kila kimoja kivyake, au kimoja kinavuta kingine? Mtu akiacha sigara, kipi kinarudi na kipi hakirudi? Na kuna jaribio gani naweza kufanya darasani? Nimeona watu wanachukua chupa ya plastiki, wanaweka pamba, wanaivutisha sigara mpaka pamba inageuka kahawia. Linafaa?

---

Chalii_wa_Sakina

Mwalimu, hiyo ni rahisi. Moshi ni wa moto, unaunguza silia zote mara moja, zikishaungua hazioti tena. Ndiyo maana shisha ina nafuu, moshi unapita kwenye maji unapoa kwanza. Makrofaji nazo zinakufa kwa sumu, kwa hiyo mvutaji anabaki hana askari kabisa kwenye mapafu.

---

Tabibu_Kifua

Mwalimu Kibaoni, swali lako la kwanza ndilo la msingi, na jibu ni kwamba kimoja kinavuta kingine. Lakini kabla ya kueleza nimsahihishe kaka Chalii, maana amegusa kweli mbili tatu na kuzifungia hitimisho lisilo sahihi.

Moshi wa sigara ukifika kwenye trakea umeshapoa sana. Njia ya kinywa na koo inapoza hewa haraka. Kinacholemaza silia ni kemikali: akrolini, formaldehaidi, sianidi ya hidrojeni, amonia. Hizi ni gesi au zimeshikana na vitone vidogo vya moshi, na kupita kwenye maji ya shisha hakuziondoi kwa kiasi cha kumlinda mtu. Maji yanapoza moshi, basi. Na moshi uliopoa unavutwa kwa pumzi ndefu zaidi, unashuka chini zaidi, tena kwa kikao kinachoweza kuchukua saa nzima. Juu ya hayo, mkaa ulioko juu ya bakuli unatoa kaboni monoksaidi yake.

Kuhusu kuota tena: silia zinaota. Seli yenye silia ikifa, seli za msingi zilizo chini yake zinagawanyika na kutengeneza nyingine. Shida ya mvutaji ni kwamba kila siku anaharibu kabla ya ukarabati kwisha. Na makrofaji hazipungui. Zinaongezeka, mara kadhaa kuliko za asiyevuta. Hapo ndipo hatari ilipo, nitafika.

Sasa mwalimu, mchoro ninaopenda wanafunzi waanze nao ni huu. Mti wa hewa unagawanyika mara 23 hivi kutoka trakea mpaka kwenye vifuko. Silia zimeota tangu juu mpaka karibu na mgawanyiko wa 16 au 17, kisha zinakuwa chache na kwisha. Kuanzia hapo kwenda chini hakuna ufagio. Uchafu uliotua juu ya mpaka huo unafagiliwa na ute kuelekea kooni, mtu anaumeza bila kujua au anakohoa. Uliotua chini ya mpaka unaokotwa na makrofaji, na makrofaji hizo hutambaa mpaka kwenye mpaka ule, zinapanda juu ya ute na kubebwa nje.

Ukimwonyesha mtoto mpaka huo kwenye mchoro, mambo mengine yote anaweza kuyakisia mwenyewe. Ufagio ukilegea, foleni inajaa mpakani. Na hapo mpakani ndipo ukuta wa kwanza wa kifuko unapotoboka.

---

Mwl_Kibaoni

Daktari, hili la mpaka sijawahi kuliona kwenye kitabu chochote cha sekondari. Tafadhali endelea na silia. Nahitaji namba kidogo, watoto wanapenda namba.

---

Tabibu_Kifua

Seli moja ina silia kama 200. Kila moja ina urefu wa mikromita 6 au 7, na inapiga mara 10 mpaka 15 kwa sekunde. Zinapigia ndani ya tabaka la majimaji mepesi, na ncha zake tu ndizo zinazogusa ute mzito ulioelea juu. Hebu fikiria mtu anayepiga kasia: kasia likienda nyuma linazama na kusukuma, likirudi linainama ili lisirudishe mashua. Silia inafanya vilevile.

Kwenye trakea ute unaweza kwenda milimita 5 hivi kwa dakika. Trakea ina urefu wa sentimita 11 hivi. Waache wanafunzi wakokotoe: milimita 110 gawanya kwa 5 ni dakika 22. Kwa hiyo chembe iliyotua chini ya trakea inatolewa ndani ya nusu saa. Mwendo ukipungua kwa nusu inakuwa dakika 44, na muda wote huo bakteria aliyenata kwenye ute anazaliana.

Kwa mvutaji wa kila siku, mambo matatu yanatokea pamoja kwa miezi na miaka. Silia zinakuwa fupi, si kwa kiasi kikubwa, lakini kumbuka ni ncha tu inayogusa ute. Ukifupisha kasia kidogo, linabaki linapiga hewa. Pili, seli zinazotoa ute zinaongezeka, tena zinachukua nafasi za seli zenye silia, kwa hiyo mzigo unazidi na wapagazi wanapungua. Tatu, sehemu nyingine ukuta unabadilika kabisa, unakuwa na seli bapa kama za ngozi ya ndani ya shavu. Hizo zinastahimili moshi vizuri lakini hazina silia hata moja. Ute ukifika hapo unasimama. Hausogei mpaka usukumwe na kikohozi.

Kikohozi cha asubuhi cha mvutaji ndicho hicho. Kinafanya kazi ya ufagio uliolegea. Kikiwa na makohozi siku nyingi kwa miezi 3 ya mwaka, miaka 2 mfululizo, na hakuna sababu nyingine, tunakiita bronkitisi sugu.

---

Mama_Nuru

Shikamooni wataalamu. Samahani kama natoka nje ya mada. Baba Nuru aliacha sigara wiki tatu zilizopita, na tangu aache anakohoa ZAIDI kuliko alipokuwa anavuta. Sasa anasema bora arudie, mwili wake umeshaizoea. Je, ni silia ndizo hizo?

---

Tabibu_Kifua

Marahaba dada. Hujatoka nje ya mada, kwa kweli umeingia ndani kabisa.

Inawezekana ni silia. Moshi ukikoma, ndani ya siku na wiki za mwanzo silia zinaanza kupiga vizuri tena, lakini seli za ute bado ni nyingi na mzigo wa zamani bado upo kwenye mirija. Mzigo unaanza kusogea, unafika kwenye sehemu zenye hisia kali, mtu anakohoa. Kwa wengi hupungua ndani ya wiki kadhaa. Akirudia sigara kikohozi kinaweza kutulia, na atadhani amepona, kumbe ufagio umelala tena.

Lakini dada, wiki tatu za kukohoa siwezi kuzikubali kwa maelezo ya silia peke yake nikiwa hapa mtandaoni. Mtu yeyote mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe makohozi kwa kifua kikuu, na mvutaji ana hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu kuliko asiyevuta. Akiwa na damu kwenye makohozi, jasho la usiku, homa au anakonda, msisubiri hata kesho. Kama vipimo ni safi, basi mwambie avumilie.

---

Ngamia_65

Dawa ya hayo yote ni maziwa. Viwandani na kwenye migodi watu wanapewa maziwa yanasafisha kifua. Mvutaji anywe nusu lita kila jioni, moshi wote unashuka.

---

Fundi_Maabara

Mzee Ngamia, heshima yako. Maziwa yanapita kwenye umio kwenda tumboni, moshi umepita kwenye trakea kwenda mapafuni. Ni mirija miwili tofauti, na kuna kifuniko kinachofunga mrija wa hewa kila unapomeza. Tone la maziwa likikosea njia na kuingia trakea, utakohoa mpaka machozi. Maziwa ni chakula kizuri, ila hayafiki kwenye mapafu kufagia kitu. Mwalimu, hili liweke kwenye somo, maana karibu kila darasa lina mtoto aliyelisikia nyumbani. Wachoreshe mirija yote miwili.

Sasa jaribio. Lile la chupa na pamba mimi silipendi. Kwanza unawavutisha wanafunzi moshi chumbani. Pili linaonyesha lami tu. Mtoto anaondoka akiamini ugonjwa ni uchafu uliopakwa ukutani, kwamba ukiosha umepona.

Kama shule yenu inapasua chura kwa ajili ya somo la mmeng'enyo, usimtupe baada ya kipindi. Paa la kinywa cha chura lina silia hai zinazosukuma ute kuelekea kooni, na zinaendelea kupiga kwa muda baada ya chura kufa. Kata taya la chini uliondoe, mlaze chali kwenye ubao ili paa la kinywa litazame juu, libandike kwa pini. Lilowanishe kwa maji ya chumvi, gramu 6.5 za chumvi safi ya maabara kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Weka chembe ya kizibo yenye ukubwa wa kichwa cha pini karibu na midomo. Itaanza kutembea yenyewe kwenda kooni. Wanafunzi hunyamaza kabisa wakiona hilo, maana chura amekufa na kitu kinatembea.

Pima milimita 10 kwa rula, chukua muda kwa saa ya kusimamisha, rudia mara tatu, tafuta wastani. Kisha loweka kwa maji yaleyale ya chumvi yaliyopozwa kwa barafu, ngoja dakika mbili, pima tena. Chembe itaenda polepole au itasimama. Rudisha maji ya joto la chumba, itaamka. Hivyo umeonyesha kitu kilicholemazwa na kikarudi, bila sigara hata moja.

Likikataa, tafuta mambo haya. Paa limekauka: silia hazipigi pakavu. Umemwaga maji mengi mno: chembe inaelea badala ya kukaa juu ya ute. Umetumia chumvi ya gramu 9 kwa lita: hiyo ni ya mamalia, kwa chura ni kali. Au chura amelala kwenye klorofomu muda mrefu, nayo inalemaza silia, kwa hiyo suuza mara kadhaa na usubiri. Mara nyingi ni hiyo ya mwisho.

---

Mwl_Kibaoni

Fundi, umenipa kipindi kizima cha kwanza. Chura tunao mwezi huu.

Niulize kuhusu makrofaji. Daktari alisema zinaongezeka na hapo ndipo hatari ilipo. Mwanafunzi atauliza: askari wakiongezeka si ndiyo ulinzi unaongezeka?

---

Hadubini_Usiku

Naomba nilijibu hili, kazi yangu ni kutazama seli za mapafu kwenye hadubini kila siku.

Makrofaji ya mtu asiyevuta ni seli kubwa, safi, rangi hafifu. Ya mvutaji unaijua kabla hujasoma jina kwenye fomu. Imejaa vipunje vya rangi ya kahawia na dhahabu, imevimba. Ukiitazama kwa hadubini ya elektroni utaona ndani yake vipande vyembamba kama sindano. Ni udongo. Udongo wa kaolini uliokuwa umeshika kwenye jani la tumbaku tangu shambani, ukapanda na moshi. Seli inaumeza lakini haina kimeng'enya cha kuuyeyusha, kwa hiyo inaubeba tu.

Kwa hiyo mwalimu, mwambie mwanafunzi wako kwamba askari ni wengi lakini mikono imejaa. Makrofaji za mvutaji ni dhaifu katika kumeza bakteria, na ni dhaifu katika kazi nyingine ambayo watu huisahau: kula mizoga ya seli zilizokufa. Mzoga usipoliwa mapema unapasuka na kumwaga vilivyomo, na vinachoma jirani.

Halafu kuna jambo la pili, baya zaidi. Makrofaji iliyokasirishwa na moshi haikai kimya. Inatoa ishara za kemikali zinazoita nyutrofili, aina ya seli nyeupe, kutoka kwenye damu. Nazo zikija zinakuja na elastesi, kimeng'enya kinachokata nyuzi za elastini. Makrofaji zenyewe pia zina vimeng'enya vyao vya kukata nyuzi hizo. Na kuta za vifuko vya hewa zimeshonwa kwa elastini.

Mapema kiasi gani? Mwaka 1974 nchini Marekani Niewoehner na wenzake walichapisha walichoona kwenye mapafu ya vijana waliokufa ghafla nje ya hospitali. Kwa wavutaji, waliokuwa bado vijana wa umri wa miaka ishirini na kitu, mirija midogo ya mpakani ilikuwa na mikusanyiko ya makrofaji za kahawia. Mpakani palepale alipopataja daktari. Vijana hao hawakuwa wagonjwa kwa maana ya kawaida.

Ukiacha, makrofaji hizo zinapungua polepole. Lakini za kahawia huonekana mpakani hata kwa watu walioacha miaka kadhaa nyuma.

Na kuhusu mapafu meusi kwenye kitabu chako: tafadhali wapunguzie picha ile. Hata mtu wa mjini asiyevuta ana madoa meusi ya masizi mapafuni. Weusi ni rangi iliyohifadhiwa na makrofaji. Mtu hafi kwa weusi, hukosa pumzi kwa matundu.

---

Chalii_wa_Sakina

Nimekubali kuhusu joto na makrofaji. Ila hapo kwenye elastesi: kama nyutrofili kazi yake ni kutoa kimeng'enya cha kukata, mbona mimi nikiumwa nimonia mapafu yangu hayayeyuki? Nyutrofili si zinakuja kwa wingi pia?

---

Tabibu_Kifua

Swali zuri sana kaka, na jibu lake ndilo kiini cha sehemu ya tatu.

Damu ina protini inayoitwa alfa-1 antitripsini. Inatengenezwa na ini, inasambaa hadi mapafuni, na kazi yake ni kuikamata elastesi na kuifunga. Ukiwa na nimonia elastesi inamwagika, lakini mlinzi yupo kwa wingi, na shambulio linakwisha baada ya siku. Moshi wa sigara unafanya mabaya mawili kwa wakati mmoja: unaita elastesi kila siku, na vioksidishaji vyake vinaharibu mlinzi palepale. Kwenye protini hiyo kuna asidi amino moja, methionini, iliyokaa mdomoni pa mtego. Ikioksidishwa, mtego unashindwa kushika vizuri.

Tunajua mlinzi huyo ni muhimu kwa sababu wapo watu waliozaliwa na kiasi kidogo sana cha protini hiyo. Laurell na Eriksson walieleza jambo hili Uswidi mwaka 1963. Watu hao hupata emfisema, ugonjwa wa kuta za vifuko kutoboka, wakiwa bado na umri mdogo, na wakivuta sigara huipata mapema zaidi.

Sasa ukuta wenyewe. Ni mwembamba kupita karatasi yoyote. Kati ya hewa na damu kuna sehemu zisizofika hata mikromita moja. Ndani yake kuna kapilari na nyuzi za elastini. Nyuzi hizo zinafanya kazi mbili: zinarudisha pafu kama mpira ulioachiwa unapotoa pumzi, na zinavuta mirija midogo kutoka pande zote ili ibaki wazi, kama kamba za hema. Mirija hiyo midogo haina gegedu. Inategemea kamba tu.

Nyuzi zikikatwa, kuta za vifuko jirani zinatoboka, matundu yanaungana, vifuko vingi vidogo vinakuwa kifuko kimoja kikubwa. Mtu mzima karibu hatengenezi elastini mpya iliyopangwa vizuri. Ile aliyonayo ni ya utotoni na ujanani. Ndiyo sababu hii ya tatu hairudi, mwalimu. Silia zinarudi kwa sehemu kubwa, makrofaji zinapungua taratibu, kuta hazijengwi upya.

---

Fundi_Maabara

Kwa kuta nina kitu cha kuongeza, hakihitaji maabara. Waambie wafikirie boksi la sentimita 10 kwa 10 kwa 10. Ligawe kwa vijumba vya sentimita 1: vinakuwa 1000, kila kimoja kina eneo la ndani la sentimita za mraba 6, jumla 6000. Sasa vunja kuta ili vijumba viwe vya sentimita 2: vinabaki 125, kila kimoja 24, jumla 3000. Vunja tena viwe vya sentimita 5: vinabaki 8, kila kimoja 150, jumla 1200.

Boksi ni lilelile, hewa inayoingia ni ileile. Eneo la kupitisha oksijeni limeshuka kutoka 6000 hadi 1200. Acha wakokotoe wenyewe ubaoni bila kuwaambia mwisho.

---

Mwl_Kibaoni

Hii nitaifanya kesho kutwa. Lakini kwa nini mgonjwa wa emfisema analalamika hewa haitoki, badala ya kusema hewa haiingii? Na tunawezaje kuonyesha "miaka"? Watoto wa miaka 16 wanasikia "miaka 30" kama hadithi.

---

Tabibu_Kifua

Akivuta pumzi ndani, kifua kinapanuka na kuvuta mirija ikae wazi, hewa inaingia. Akitoa kwa nguvu, kifua kinabana kutoka nje, na kamba za hema zimekatika. Mirija midogo inajifunga kabla hewa haijatoka. Hewa inanaswa. Pumzi inayofuata inaanzia juu ya ile iliyobaki, kifua kinajaa kama pipa. Wagonjwa wengi hujifundisha wenyewe kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa kama wanapuliza chai: shinikizo linabaki juu kidogo kwenye mirija na kuichelewesha kujifunga. Mwanafunzi mmoja asimame aonyeshe, wataelewa.

Kipimo rahisi: vuta pumzi mpaka mwisho, toa kwa nguvu na haraka mpaka iishe, mwenzako ahesabu sekunde. Mwenye mirija mizuri anamaliza sehemu kubwa kabisa ndani ya sekunde 1 na kukamilisha kwa sekunde chache. Akivuka sekunde 6 bado hewa inatoka, kuna kizuizi cha kuchunguza. Haitoshi kutoa ugonjwa jina, spirometa, mashine ya kupima pumzi, ndiyo inayothibitisha. Mwanafunzi mwenye pumu asifanye.

Kuhusu miaka, tumia hewa ya sekunde 1 ya kwanza. Chukua kijana wa miaka 25 anayetoa lita 4.0. Kila mtu anapoteza kidogo kwa umri, tuseme mililita 30 kwa mwaka. Akifika 65 amepoteza lita 1.2, amebaki na 2.8. Anatembea sokoni vizuri. Mwenzake anavuta, na ni wa wale ambao mapafu yao yanaathirika sana, anapoteza 60 kwa mwaka. Miaka 40 ni lita 2.4, amebaki na 1.6. Huyo anasimama kupumzika kwenye kilima kidogo. Wa tatu alikuwa kama wa pili lakini akaacha akiwa na 45. Alikuwa ameshafika 2.8. Kuanzia hapo anapoteza 30 kama kila mtu, akiwa na 65 ana 2.2. Hakurudishiwa alichopoteza, lakini mteremko umelegea. Fletcher na Peto walichora mistari ya namna hii mwaka 1977 na bado tunaitumia. Namba hizi zangu ni za kufundishia, watu halisi wanatofautiana.

Angalia jambo moja kwenye grafu hiyo: wa pili akiwa na miaka 45 ana lita 2.8, sawa na mzee wa 65 asiyevuta. Hajisikii mgonjwa. Mirija iliyo chini ya milimita 2 huchangia sehemu ndogo tu ya ukinzani wa hewa kwa mtu mzima wa afya, kwa sababu ni mingi mno, kwa hiyo mingi inaweza kufa kimya kabla mtu hajagundua.

---

Hadubini_Usiku

Daktari, hapo kwenye mirija kufa kimya ndipo ninapotaka kukubishia kidogo. Umeeleza kana kwamba kuta za vifuko zinakatika kwanza, kisha mirija inajifunga kwa kukosa kamba. Kazi iliyochapishwa mwaka 2011 na kundi la Hogg, waliopiga mapafu yaliyotolewa kwa picha za mionzi zenye uwezo mkubwa wa kuonyesha vitu vidogo, ilionyesha kuwa mirija ya mwisho kabisa ilikuwa imepungua na kusinyaa hata mahali ambapo kuta za vifuko bado zinaonekana nzima. Maana yake mirija inaweza kutangulia.

---

Tabibu_Kifua

Nakubali inaweza kutangulia, na sitaki mwalimu afundishe mpangilio mmoja kama amri. Ila picha zile ni za mapafu ya watu tofauti katika hatua tofauti. Hazikumfuata mtu mmoja kwa miaka 30. Na kukatika kwa kuta kwa elastesi kunaonekana wazi kwa wanyama: tangu 1964 panya waliowekewa papaini mapafuni, kimeng'enya cha papai, walipata emfisema. Mimi ningewaambia wanafunzi kwamba vyote viwili vinaanzia mpakani, na kipi kinaanza kwa mtu fulani bado kinabishaniwa.

---

Hadubini_Usiku

Hapo sina ubishi. Na waambie pia kwamba wapo wavutaji wa muda mrefu ambao kuta zao zinabaki karibu nzima, na sababu yake kamili haijajulikana. Wasipoambiwa shuleni watamwona babu mmoja mwenye sigara na pumzi nzuri, halafu watakataa somo zima.

---

Mama_Nuru

Ahsanteni kwa majibu, tumekwenda kituo cha afya leo, ametoa makohozi, tunasubiri majibu. Lakini nina lingine. Mama mkwe hajawahi kuvuta sigara maisha yake yote, anapikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha, na anakohoa hivyohivyo na kuhema. Nayo ni hii hii?

---

Tabibu_Kifua

Vizuri sana kwa kwenda, dada. Kwa mama mkwe: njia ni ileile kwa sehemu kubwa. Moshi wa kuni una akrolini na chembe ndogo, unalemaza silia na kujaza makrofaji masizi. Tofauti inayoonekana ni kwamba kwa wapishi wa kuni mirija ndiyo huathirika zaidi, inakuwa na makovu na masizi mengi, na matundu ya emfisema huwa machache kuliko kwa mvutaji wa sigara. Naye apimwe makohozi kwanza, kisha apelekwe penye spirometa. Kwa sasa jiko lihamishiwe nje au penye upepo unaopita pande mbili.

---

Chalii_wa_Sakina

Na ugoro? Ule hauna moshi.

---

Fundi_Maabara

Ugoro haupeleki moshi kwenye silia za mapafu wala mpakani, kwa hiyo mnyororo huu haupo. Una nikotini na una madhara yake kinywani na puani, ila huo ni uzi mwingine. Mwalimu ukiulizwa, usiuchanganye hapa.

---

Mwl_Kibaoni

Nimepanga hivi. Kipindi cha kwanza: mchoro wa mti wa hewa wenye mstari mwekundu mpakani, chura, na hesabu ya dakika 22. Cha pili: makrofaji yenye udongo tumboni, boksi la 6000 kushuka 1200, na grafu ya watu watatu. Picha ya pafu jeusi naiondoa. Swali la mirija au kuta kwanza nitaliacha wazi ubaoni.

Fundi, moja tu limebaki. Chumvi ya maabara imekwisha shuleni, tuna ya mezani yenye iodini. Itaharibu silia za chura?

---

Fundi_Maabara

Iodini iliyomo ni kidogo sana, sidhani itakusumbua. Angalia ile dawa ya kuzuia kugandamana, inafanya maji yawe na ukungu. Yeyusha gramu 6.5, acha yatulie usiku mzima, mimina ya juu tu. Jaribu na chura mmoja kabla ya kipindi, chembe ikitembea umepata.

---

Mama_Nuru

Majibu yametoka, hana kifua kikuu. Bado anakohoa lakini leo hajagusa fegi. Nimemwonyesha pale mlipoandika kuhusu ufagio.